Asidi Inapovuka Piloro: Kongosho, Homoni Mbili na Ulinzi wa Duodeni

Tumbo la mtu mzima hutoa asidi ya haidrokloriki yenye ukali wa pH kati ya 1 na 2. Ukuta wa tumbo umejengwa kuistahimili. Una tabaka nene la ute, na seli zake zimebanana kiasi kwamba asidi haipati upenyo. Ng'ambo ya piloro, yaani mlango wa misuli unaotenganisha tumbo na utumbo mwembamba, hali hubadilika ghafla. Hapo ndipo inapoanza duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, yenye urefu wa takriban sentimita 25. Kazi yake ni kumeng'enya na kufyonza, na ukuta unaopitisha chakula kwenda kwenye damu hauwezi kuwa mgumu kama ule wa tumbo. Hata hivyo, kila tunapokula, mawimbi ya misuli ya tumbo, yapatayo matatu kwa dakika, hulisukuma rojo lenye asidi kuelekea mlangoni, na mililita chache huvuka. Watu wengi huishi hadi uzeeni bila duodeni yao kupata hata kidonda kimoja.

Jibu linalotolewa darasani ni kwamba kongosho humwaga maji ya alkali yanayozimua asidi. Ni jibu sahihi, lakini linaacha mambo makubwa matatu bila maelezo. Kongosho halionji chakula wala haligusi asidi, sasa linajuaje kiasi cha kutoa? Ikiwa maji yake yanatosha, kwa nini karibu vidonda vyote vya duodeni hutokea mahali pamoja? Na kwa nini mtu ambaye tumbo lake hutoa asidi kupita kiasi huishia kuharisha mafuta, ilhali kongosho lake ni zima?

Maswali hayo matatu yana jibu la aina moja. Duodeni hulindwa kwa hesabu inayosawazishwa dakika kwa dakika, na taarifa ya hesabu hiyo huletwa na asidi yenyewe. Mtu akishajua jinsi hesabu inavyopigwa, anajua pia pa kutafuta hitilafu pale inapogoma.

Maji ya kongosho yana nini

Kongosho limelala nyuma ya tumbo, lina urefu wa sentimita 15 hadi 20 na kwa kawaida halifiki gramu 100. Kwa siku hutoa kati ya lita moja na lita moja na nusu ya maji, yaani zaidi ya mara kumi ya uzito wake. Kazi hiyo imegawanywa kwa aina mbili za seli. Seli za vifuko vidogo vilivyo kwenye ncha za mirija hutengeneza vimeng'enya: lipasi kwa mafuta, amilasi kwa wanga, na tripsinojeni, ambayo itageuka kuwa tripsini ya kumeng'enya protini. Seli zinazotanda mirija yenyewe hutoa maji mengi yenye bikaboneti ya sodiamu, na hiyo ndiyo alkali ya kuzimua asidi.

Mtu asipokula, maji haya ni machache na bikaboneti yake si nyingi. Kongosho likichochewa barabara, mtiririko huongezeka na bikaboneti hupanda hadi milimoli 120 au zaidi kwa lita, karibu mara tano ya kiwango kilichomo kwenye damu. Kadiri bikaboneti inavyopanda, kloridi hushuka kwa kiasi kilekile, kwa kuwa seli za mirija huingiza kloridi na kutoa bikaboneti kwa kubadilishana. Kwa hiyo maji yanapoongezeka, ukali wa alkali yake nao huongezeka, na uwezo wa kuzimua asidi hukua maradufu.

Kinachotokea alkali hii inapokutana na asidi ni kemia ya kidato cha pili:

HCl + NaHCO₃ → NaCl + H₂O + CO₂

Asidi inageuka kuwa chumvi ya kawaida, maji na gesi. Gesi hufyonzwa, huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Kwa kiasi, chukua mililita 10 za maji halisi ya tumbo, yasiyochanganyika na chakula, yenye asidi milimoli 150 kwa lita. Hizo ni milimoli 1.5 za asidi. Kwa maji ya kongosho yenye bikaboneti milimoli 120 kwa lita, mililita 12.5 zinatosha kuimaliza asidi yote. Viungo hivi viwili vinakaribiana nguvu, na kongosho linapofanya kazi kwa ukamilifu linaweza kulikabili tumbo takriban mililita kwa mililita.

Usawa huu unaonekana pia kwenye damu. Seli ya tumbo inapotoa asidi upande wa chakula, hurudisha bikaboneti upande wa damu. Seli ya mirija ya kongosho hufanya kinyume: hutoa bikaboneti upande wa chakula na kurudisha asidi upande wa damu. Mlo ukiisha, damu iko palepale ilipokuwa. Ndiyo maana mtu anayetapika maji ya tumbo kwa siku nyingi damu yake huelekea kwenye alkali, na mgonjwa ambaye maji ya kongosho yanavuja nje ya mwili baada ya upasuaji damu yake huelekea kwenye asidi. Daktari anayesoma majibu ya maabara anaweza kujua ni upande gani wa hesabu unaovuja.

Jaribio la London, Januari 1902

Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa imeshajulikana kwamba asidi ikiingizwa kwenye duodeni, kongosho huanza kutoa maji. Hilo lilikuwa limeonyeshwa katika maabara ya Ivan Pavlov huko St. Petersburg. Pavlov alikuwa bingwa wa neva, na maelezo yake yalikuwa ya neva: asidi hugusa ukuta wa utumbo, neva hupeleka habari, kongosho huitikia. Ufaransa, Wertheimer na Lepage walikata neva kubwa zinazokwenda utumbo na bado kongosho likaitikia. Walihitimisha kwamba lazima kuna mizunguko midogo ya neva iliyobaki. Matokeo yao yalikuwa sahihi. Tafsiri yao ndiyo iliyofungwa na imani ya zama zao.

Tarehe 16 Januari 1902, katika chuo cha University College, London, William Bayliss na Ernest Starling walilijaribu jambo hilo kwa namna isiyoacha mwanya. Walimchukua mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, wakafunga kipande cha utumbo mwembamba pande zote mbili, kisha wakakata neva zake zote. Kilichobaki kukiunganisha kipande hicho na mwili ni mishipa ya damu peke yake. Wakaingiza asidi ndani yake. Baada ya muda mfupi, matone yakaanza kutoka kwenye mrija wa kongosho, sawasawa na pale asidi ilipoingizwa kwenye duodeni yenye neva zake.

Kama habari haikupita kwenye neva, basi ilipita kwenye damu. Starling alilisema hilo papo hapo, na hawakungoja siku nyingine kulithibitisha. Walikata kipande hicho, wakakwangua utando wake wa ndani, wakausaga kwa mchanga pamoja na asidi hafifu, wakachuja, na maji yaliyopatikana wakayadunga kwenye mshipa wa shingo wa mbwa yuleyule. Kongosho likaanza kutiririka kwa nguvu kuliko mwanzo. Asidi peke yake ikidungwa kwenye damu haileti jibu hilo. Basi kitu kilichofanya kazi kilikuwa kinatengenezwa na ukuta wa utumbo, na asidi ilikifungulia tu. Walikiita sekretini. Mwaka 1905 Starling alilitumia kwa mara ya kwanza neno homoni kwa vitu vya aina hiyo, na sekretini ndiyo iliyofungua njia ya elimu nzima ya homoni.

Neva za Pavlov nazo hazikuwa ndoto. Zina sehemu yake, na tutaikuta mbele. Jaribio hili lilionyesha kwamba kazi ya kupima asidi hufanyika kwenye ukuta wa utumbo, na kwamba majibu yake husafiri kwa damu.

Sekretini: asidi inajiripoti yenyewe

Sekretini hutolewa na seli zilizotawanyika kwenye utando wa duodeni na sehemu ya utumbo inayofuata, ziitwazo seli S. Seli hizi hukaa kimya maadamu pH ndani ya utumbo iko juu ya takriban 4.5. Ikishuka chini ya hapo huanza kumwaga sekretini kwenye damu, na kadiri eneo la utumbo lililoguswa na asidi linavyopanuka ndivyo sekretini inavyozidi. Kipimo hiki kinahesabu mzigo mzima wa asidi, pamoja na umbali iliofika kabla ya kuzimuliwa.

Damu huifikisha sekretini kwenye seli za mirija ya kongosho. Inapojishika kwenye kipokezi chake, ndani ya seli hupanda kemikali iitwayo AMP-duara, nayo hufungua milango ya kloridi iliyo upande wa ndani wa mrija. Protini ya mlango huo huitwa CFTR. Kloridi hutoka, hubadilishwa na bikaboneti, sodiamu hufuata, na maji huifuata njia hiyohiyo. Mlango huo mmoja ukikosekana, kazi yote ya alkali hukwama, kama tutakavyoona.

Wakati huohuo sekretini hupeleka ujumbe kwa tumbo. Hupunguza utoaji wa gastrini, homoni inayochochea asidi, na hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula. Ini na mirija ya nyongo nayo huongeza bikaboneti kwenye nyongo. Kwa taarifa moja, asidi inayoingia hupungua na alkali inayokuja huongezeka.

Kisha mfumo hujifunga wenyewe. Bikaboneti ikishaizimua asidi, pH hupanda juu ya 4.5, seli S hunyamaza, na sekretini iliyokwisha kutolewa huondolewa kwenye damu ndani ya dakika chache. Mjumbe mwenye maisha marefu angelifanya kongosho liendelee kumwaga alkali wakati asidi imeshaisha. Ufupi wa maisha yake ndio unaoiwezesha duodeni kufuatilia kila wimbi linalotoka tumboni.

Kolesistokinini: mjumbe wa mafuta na protini

Homoni ya pili ilijitokeza kwa sura mbili. Mwaka 1928 Ivy na Oldberg, Marekani, walionyesha kwamba dondoo la utumbo hukamua kibofu cha nyongo, wakakiita kilichomo kolesistokinini. Mwaka 1943 Harper na Raper, Uingereza, walionyesha kwamba dondoo la utumbo huchochea vimeng'enya vya kongosho, wakalipa jina lingine. Baadaye Jorpes na Mutt wa Stockholm, walipoisafisha homoni hiyo hadi mwisho, waligundua kwamba ni kitu kimoja chenye kazi mbili. Tumebaki na jina la kwanza.

Kolesistokinini hutolewa na seli I za duodeni, ambazo haziijali sana asidi. Zinachotafuta ni chakula chenyewe kikiwa kimeanza kuvunjika: asidi za mafuta zenye mnyororo mrefu, vipande vya protini na asidi amino. Homoni hii huzifanya seli za vifuko vya kongosho zimwage vimeng'enya, hukaza kibofu cha nyongo na kulegeza mlango wake wa kutokea ili nyongo iingie, na hupunguza kasi ya tumbo kumwaga chakula. Kwa binadamu, sehemu kubwa ya amri yake kwa kongosho hupita kwenye neva vagasi: homoni hugusa ncha za neva hiyo utumboni, neva huzunguka hadi kwenye ubongo na kurudi kongosho. Hapo neva za Pavlov zinapata nafasi yake.

Homoni hii inaingiaje kwenye hesabu ya asidi, kama asidi siyo inayoiita? Wataalamu walipopima pH ya duodeni baada ya mlo wa kawaida, walikuta inashuka chini ya 4.5 kwenye sentimita chache tu za mwanzo, na sekretini inayopanda kwenye damu ni kidogo. Kiasi hichohicho cha sekretini kikidungwa peke yake kwa mtu asiyekula, kongosho hutoa bikaboneti pungufu mno kuliko inayotoka baada ya mlo. Maelezo ni kwamba kolesistokinini na neva vagasi huikuza kazi ya sekretini. Njia zao ndani ya seli ni tofauti, moja kwa AMP-duara na nyingine kwa kalsiamu, na zikifunguliwa pamoja jibu linazidi jumla ya majibu ya kila moja. Sekretini hutoa amri, na kolesistokinini huipa sauti.

Sahani ya wali wa nazi na samaki

Tuufuate mlo mmoja. Mtu anakula wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Kabla hata tonge halijafika tumboni, harufu na ladha zimeshaiamsha vagasi, na kongosho limeanza kutoa kiasi kidogo chenye vimeng'enya. Tumboni, protini ya samaki inanyonya sehemu kubwa ya asidi, kwa hiyo pH ya rojo inaweza kuwa 4 au 5 mwanzoni. Kinachovuka piloro katika nusu saa ya kwanza si kikali.

Kadiri tumbo linavyoendelea kutoa asidi, rojo linakuwa kali. Linapovuka, seli S za sentimita za mwanzo huguswa na sekretini hutoka. Mafuta ya nazi na protini ya samaki yakivunjika kidogo huzigusa seli I. Nyongo inaingia, kongosho linatiririka, na homoni zote mbili zinalizuia tumbo. Mafuta mengi yana maana kwamba kizuizi ni kikubwa, ndiyo maana mlo wa mafuta hukaa tumboni muda mrefu na mtu hushiba kwa saa nyingi. Kwa hiyo mafuta ya mlo huo yameilinda duodeni: yamepunguza mwendo wa asidi na kuikuza amri ya alkali.

Rojo linapofika katikati ya duodeni na kuendelea, pH yake ni karibu 6 au zaidi. Hapo faida ya pili ya bikaboneti inaonekana. Lipasi ya kongosho huharibika kabisa katika pH iliyo chini ya 4, na chumvi za nyongo huganda na kushindwa kuyabeba mafuta. Tripsini nayo hufanya kazi vizuri katika alkali nyepesi. Kuulinda ukuta na kumeng'enya chakula ni kazi moja inayotazamwa kwa pande mbili.

Sentimita zisizofikiwa

Sasa tulirudie swali la vidonda. Mrija wa kongosho na ule wa nyongo humwaga maji yake kwenye duodeni takriban sentimita 8 hadi 10 baada ya piloro. Sentimita zilizotangulia mlango huo hupokea asidi kabla ya bikaboneti ya kongosho kufika. Kipande cha kwanza kabisa, kilichotanuka kidogo kama balbu, kina urefu wa takriban sentimita 5, na pH yake hupanda na kushuka kila dakika kadiri mawimbi yanavyopita. Karibu vidonda vyote vya duodeni hutokea kwenye balbu hiyo.

Kipande hicho kina ulinzi wake chenyewe. Chini ya utando wake zimejaa tezi za Brunner, ambazo hutoa ute mzito wenye alkali na hupungua kadiri unavyoshuka. Seli za juu nazo hutoa bikaboneti inayonaswa chini ya ute, hivi kwamba uso wa seli unaweza kubaki karibu na pH 7 wakati rojo lililo juu yake lina pH 2. Tabaka hilo jembamba hutegemea kemikali zinazoitwa prostaglandini, ambazo huiamuru seli kutoa bikaboneti na ute pindi asidi inapogusa.

Dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wa prostaglandini hizo. Mtu anayenunua diklofenaki dukani na kuimeza kila siku kwa mgongo au magoti anaiondolea balbu amri ya kujilinda, hata kama tumbo lake linatoa asidi ya kawaida na kongosho lake ni zima.

Chanzo kingine kikubwa ni bakteria wa Helikobakta pilori, waliogunduliwa na Robin Warren na Barry Marshall nchini Australia, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Wakikaa sehemu ya mwisho ya tumbo, huvuruga breki ya gastrini na asidi huongezeka. Balbu ikipigwa na asidi hiyo kwa muda mrefu, baadhi ya seli zake hubadilika na kufanana na za tumbo, na bakteria hupata makao mapya ng'ambo ya piloro. Bikaboneti inayotolewa na balbu yenyewe nayo hupungua kwa wagonjwa hawa, na hurejea bakteria wakiuawa. Kumpa mgonjwa dawa ya kupunguza asidi bila kuwatafuta bakteria hupunguza upande mmoja wa hesabu na kuacha chanzo palepale, ndiyo maana kidonda hurudi dawa ikiisha.

Asidi inapozidi uwezo wa kongosho

Kuna mgonjwa mwingine ambaye hesabu yake huvunjika kwa namna tofauti. Mwaka 1955 Robert Zollinger na Edwin Ellison, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, walieleza wagonjwa wawili wenye vidonda vikali mbali kabisa na balbu, kwenye sehemu ya utumbo inayofuata duodeni, waliokuwa na uvimbe kwenye kongosho. Ilikuja kujulikana kwamba uvimbe wa aina hiyo hutoa gastrini bila kusikiliza breki yoyote, usiku na mchana.

Tupige hesabu yake. Tumbo la mtu mzima asiyekula kwa kawaida hutoa milimoli chache za asidi kwa saa, chini ya 10. Kwa wagonjwa hawa kiasi huzidi 15, na mara nyingi huwa kikubwa zaidi. Tuchukue mgonjwa wa mfano anayetoa 45 kwa saa. Sekretini yake iko juu wakati wote, na kongosho lake linajitahidi hadi ukomo, tuseme mililita 4 kwa dakika. Hizo ni mililita 240 kwa saa, na kwa bikaboneti ya milimoli 120 kwa lita, anapata takriban milimoli 29. Zinabaki milimoli 16 za asidi zisizozimuliwa kila saa.

Asidi ya milimoli 45, kwa ukali wa milimoli 150 kwa lita, inakuja ndani ya mililita 300 za maji. Ongeza 240 za kongosho, utapata mililita 540. Gawanya milimoli 16 humo: ni takriban milimoli 30 kwa lita, yaani pH ya karibu 1.5, baada ya kongosho kufanya kila liwezalo. Nyongo na ukuta wa utumbo huongeza bikaboneti kidogo, lakini haizibi pengo la ukubwa huo.

Kutoka hapo dalili zote zinaelezeka. Vidonda vinatokea mbali, kwa kuwa asidi inafika mbali. Lipasi inaharibika na chumvi za nyongo zinaganda, hivyo mafuta hayafyonzwi na mgonjwa anaharisha, ingawa kongosho lake linatoa vimeng'enya vya kutosha. Wingi wa maji yanayoshuka kutoka tumboni unazidisha kuharisha huko. Dalili inayomfungua macho daktari ni kwamba kuharisha kunakoma mgonjwa akipewa omeprazoli au dawa nyingine ya jamii hiyo. Kuhara kwa amiba au kwa minyoo hakuondoki kwa kuzuia asidi.

Kipimo kimoja cha kuthibitisha kinaitumia sekretini yenyewe. Mgonjwa hudungwa sekretini na gastrini ya damu hupimwa kwa dakika kadhaa. Kwa mtu wa kawaida, gastrini haipandi kwa kiasi cha maana. Seli za uvimbe huu hufanya kinyume, na gastrini huruka kwa pikogramu 120 au zaidi kwa kila mililita. Tahadhari moja ni ya lazima: omeprazoli yenyewe hupandisha gastrini, kwa sababu tumbo lisilo na asidi huacha breki. Gastrini ikiwa juu, ni sharti pH ya tumbo nayo ipimwe. Gastrini ya juu pamoja na asidi kali ndiyo inayotia shaka. Gastrini ya juu kwenye tumbo lisilo na asidi ina maelezo mengine. Na kwa mtu mwenye vidonda vya aina hiyo, dawa haisimamishwi ovyo ili apimwe, kwani asidi ikirudi kwa kishindo inaweza kutoboa utumbo.

Kongosho linaposhindwa kutoa

Upande wa pili wa hesabu unaweza kufilisika pia. Katika ugonjwa wa kurithi ambapo mlango wa CFTR una hitilafu, seli za mirija hazitoi maji ya kutosha hata sekretini ikifika. Vimeng'enya vinabaki kwenye maji mazito, mirija inaziba, na kongosho linaharibika tangu utotoni. Katika uvimbe sugu wa kongosho, ambao pombe nyingi ni moja ya vyanzo vyake, tishu hufa polepole kwa miaka.

Akiba ya kongosho ni kubwa. Mafuta huanza kuonekana kwenye kinyesi pale tu lipasi inapobaki chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango cha kawaida. Kinyesi kinakuwa kingi, cheupe kiasi, chenye mng'ao wa mafuta na harufu kali, na hakisafishiki kirahisi. Mtu hukonda ingawa anakula. Kipimo cha elastasi ya kongosho kwenye kinyesi, kikiwa chini ya mikrogramu 200 kwa gramu, huelekeza shaka kwenye kongosho.

Tiba yake inakumbusha tena kwamba kulinda na kumeng'enya ni kazi moja. Mgonjwa hupewa vimeng'enya vya vidonge, vilivyofunikwa ili visiharibiwe na asidi ya tumbo na viyeyuke pH inapopita takriban 5.5. Lakini kongosho hilohilo lisilotoa vimeng'enya halitoi bikaboneti pia, kwa hiyo duodeni yake inaweza kubaki na asidi, na vidonge vikapita mbali kabla ya kuyeyuka. Mgonjwa asipopata nafuu, mara nyingi daktari huongeza dawa ya kupunguza asidi badala ya kuongeza vidonge vya vimeng'enya tu.

Kwa hiyo jina la «vidonda vya tumbo» linafunika magonjwa yanayotofautiana kwa chanzo. Kidonda cha balbu kwa mtu anayemeza diklofenaki ni ukosefu wa ulinzi wa mahali. Kidonda cha balbu chenye bakteria ni asidi iliyoongezeka pamoja na bikaboneti ya mahali iliyopungua. Vidonda vingi, vya mbali, vinavyoambatana na kuharisha, ni asidi iliyolipita kongosho lililo zima. Kinyesi cha mafuta bila vidonda kinaweza kuwa kongosho lililochoka. Kuwapa wote hao dawa ileile ya kupunguza asidi, na kuwapeleka wanaoharisha kwenye dawa za amiba mara tatu mfululizo bila kipimo, ni kuacha swali la msingi bila kuulizwa: kati ya asidi inayoingia, bikaboneti inayokuja na mahali zinapokutana, ni kipi kilichoharibika? Mgonjwa ambaye matibabu ya mwezi mzima hayajamponya ana haki ya kumsikia daktari wake akilijibu swali hilo.